Kutoka kitandani hadi chooni: kuiandaa nyumba kabla mzazi mzee hajahamia

Mzee anapohamia kwa mwanawe, familia nyingi huanza na mapambo ya chumba: kitanda kipya, mapazia, pengine na televisheni ndogo ukutani. Hayana ubaya. Ila ukitaka kujua kama nyumba itamfaa au itamwangusha, fuata njia moja tu, ile ya kutoka kitandani hadi chooni saa tisa usiku, taa zimezimwa na macho yamejaa usingizi. Njia hiyo ina karibu kila kitu kinachomshinda mzee: kunyanyuka, kutembea kwenye giza, kuvuka kizingiti, kukanyaga sakafu yenye majimaji, kukaa na kunyanyuka tena, kisha kurudi. Nyumba ikikidhi safari hiyo, shughuli za mchana hazitakuwa na taabu kubwa.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue mfano wa nyumba ya kupanga Mbezi, Dar es Salaam. Ina vyumba vitatu na sakafu ya marumaru zinazong'aa. Choo ni cha kukalia, bafu liko humo humo, na sakafu yake imeshuka sentimita 10 chini ya korido ili maji yasitoke nje. Anayehamia ni mama wa miaka 79 anayetoka Lushoto. Ni mfupi, anatembea kwa fimbo, anameza dawa za presha, na jicho lake la kushoto limeanza kuingia mtoto wa jicho. Anakuja kwa binti yake, ambaye ana mume, watoto wawili na makochi makubwa ya sebuleni.

Pima mtu kabla ya kupima nyumba

Kipimo cha kwanza kinachukuliwa mwilini mwake. Mketishe kwenye kiti kigumu, nyayo zote mbili zikiwa zimetua sakafuni, akiwa amevaa viatu anavyovaa ndani. Pima kwa tepu kutoka sakafuni hadi pale goti linapokunjia kwa nyuma. Kama bado yuko kijijini, mwombe mjukuu aliye naye apime na kukutumia namba. Kwa mama wa mfano wetu ni sentimita 39.

Namba hiyo ndiyo itakayoamua viti, kitanda na choo. Kiti kikiwa sawa na kipimo cha goti, magoti yanakunjika mraba, na kwa kijana hilo linatosha. Mzee ambaye mapaja yake yamepungua nguvu anahitaji zaidi kidogo, sentimita 3 hadi 5 juu ya kipimo, ili nyonga zake ziwe juu ya magoti na kazi ya kunyanyuka iwe fupi. Kwa hiyo mama huyu anatafutiwa vikalio vya urefu wa sentimita 42 hadi 44. Usizidishe ukidhani unamsaidia. Kiti kikiwa kirefu mno miguu inaning'inia, ukingo unabana chini ya mapaja, naye anaanza kuteleza kwenda mbele.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba urefu unaohesabika ni ule wa kiti kikiwa kimekaliwa. Sponji hubonyea. Kwa hiyo mtu wa uzito unaokaribiana na wa mzee akae, kisha pima kutoka sakafuni hadi chini ya paja lake. Makochi ya nyumba yetu ya Mbezi yanasoma sentimita 40 yakiwa matupu, lakini mtu akikaa yanashuka hadi 32. Kwa mama wa goti la 39, hilo ni shimo.

Kipimo cha pili ni cha mwendo. Akae kwenye kiti chenye mikono. Ukimwambia aanze, anyanyuke, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida na fimbo yake, ageuke, arudi, akae. Hesabu sekunde kwa simu. Wataalamu wa kuzuia maanguko huichukulia sekunde 12 au zaidi kuwa dalili kwamba mtu yuko kwenye hatari ya kuanguka. Lakini mtazame zaidi ya unavyoitazama saa. Je, anajirusharusha mara kadhaa kabla ya kunyanyuka? Anageuka kwa hatua ndogo nyingi? Anapokaa anashuka taratibu, au anajibwaga kama mzigo? Anayejibwaga hana nguvu za kutosha kwenye mapaja, kwa hiyo kila anapokaa atahitaji cha kushika.

Halafu kuna swali ambalo tepu haiwezi kulijibu. Binti alimpigia simu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, usiku ukiamka unashukia upande gani wa kitanda?"

"Mkono wa kulia. Kushoto ni ukutani, tangu enzi za baba yenu."

Mtu aliyeshukia mkono wa kulia kwa miaka hamsini atashukia kulia hata ukimhamishia ikulu. Binti alikuwa amepanga kitanda kikae upande wa dirisha, ubavu wa kulia ukiegemea ukuta. Kitanda kikageuzwa kabla mama hajafika.

Kitanda

Vitanda vya siku hizi vya kuchonga ni virefu, na magodoro ni manene. Katika nyumba yetu, chaga ziko sentimita 38 kutoka sakafuni, na juu yake kuna godoro la inchi 10, yaani sentimita 25. Jumla ni 63. Mama akikaa ukingoni godoro linabonyea kama sentimita 5, zinabaki 58. Tunahitaji 44. Akikaa hapo miguu yake haigusi chini, na ili aiguse lazima ajiteremshe kwa kuteleza, kwenye marumaru, gizani.

Suluhisho lina hatua mbili. Godoro la inchi 10 liende chumba kingine, liletwe la inchi 6 lenye sponji ngumu. Hapo tumefika 53, na kwa kuwa sponji ngumu hubonyea kidogo, tuseme sentimita 3, akikaa ni 50. Kisha seremala anateremsha zile mbao za pembeni zinazobeba chaga kwa sentimita 6, na tumeipata 44. Kuteremsha chaga ni bora kuliko kukata matendegu, kwa sababu unaweza kuzirudisha, tena kitanda hakiyumbi. Kama kitanda ni kifupi na kinahitaji kupandishwa, seremala akuchongee vigingi vipana vyenye shimo juu ambamo tendegu linazama. Usiweke matofali. Kitanda kilichosimama juu ya matofali husogea siku mtu anapokiegemea kwa nguvu, na hiyo ndiyo siku ambayo alikihitaji kitulie.

Ukingo wa godoro uwe mgumu. Godoro lililochoka hulegea pembeni kwanza, na mzee akikaa ukingoni linamteremsha.

Sasa chandarua. Hiki ni kitu ambacho miongozo ya nchi za baridi haikigusi, na kwetu kinaangusha watu. Chandarua cha mviringo kinachoning'inia kutoka darini humwaga pindo lake sakafuni pande zote, na mzee anayeshuka gizani huingiza mguu humo. Tumia cha pembe nne, ukichomeke chini ya godoro pande tatu. Upande anaoshukia, pindo likatwe na kushonwa upya ili likichomekwa libaki la kutosha tu, na likichomolewa liishie juu ya sakafu. Mwonyeshe namna ya kulitupia juu ya kitanda kabla hajashusha miguu.

Kwa anayemeza dawa za presha kuna kanuni moja zaidi. Akiamka ghafla na kusimama papo hapo, damu huchelewa kupanda kichwani na kizunguzungu humshika akiwa hatua mbili kutoka kitandani. Akae ukingoni dakika moja au mbili, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo anyanyuke. Urefu sahihi wa kitanda ndio unaomwezesha kukaa hivyo kwa utulivu. Kizunguzungu kikiendelea hata hivyo, au kama anaona giza kabisa, hilo ni la daktari aliyemwandikia dawa. Hakuna mbao itakayolitibu.

Kiti chake cha sebuleni

Unaweza kupandisha kochi. Plaiwudi chini ya mito huzuia kuzama, na vigingi chini ya miguu huongeza urefu. Lakini kwa kochi linalozama hadi 32, pengo ni la sentimita 11, na kochi lenyewe lina kina kirefu: mama akiegemea nyuma miguu inanyanyuka, akitua miguu mgongo unakosa pa kuegemea. Mimi ningeyaacha makochi yawe ya wageni, nimwendee seremala kwa kiti kimoja.

Mpe vipimo hivi, uviandike kwenye karatasi. Kikalio kiwe sentimita 43 kikiwa kimekaliwa. Kina cha kikalio kiwe 42 hivi, ili akiegemea mgongo ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya ukingo na nyuma ya goti. Mikono ya kiti iwe sentimita 20 juu ya kikalio, na ifike mbele hadi usawa wa ukingo, kwa sababu anaponyanyuka anasukuma kutoka mbele. Mikono inayoishia katikati, kama ya makochi mengi, haimsaidii. Kwa mbele, chini ya kikalio, pasiwe na mbao ya kuunganisha miguu ya kiti, maana ili mtu anyanyuke lazima arudishe visigino nyuma ya magoti. Mwambie seremala aweke mbao hiyo nyuma na pembeni tu.

Kiti kikija, kijaribu kwa mtu mzito kabla yake: sukuma mkono mmoja tu kwa nguvu zote. Kikiinuka upande wa pili au kikiteleza, kirudishe. Bandika raba chini ya miguu. Kiti cha plastiki, ambacho ndicho rahisi kupatikana, kina urefu unaokaribia kufaa, lakini ni chepesi, na miguu yake hutanuka na kuteleza juu ya marumaru pale anaposukuma. Kiegemeze ukutani kama ni cha dharura, usikifanye cha kudumu.

Mama amezoea pia kukaa chini kwenye mkeka, au kwenye kigoda akichambua mboga. Ukimwondolea mkeka kwa amri utakuwa umemnyang'anya nusu ya siku yake. Kama bado anashuka na kupanda mwenyewe, weka mkeka ubavuni mwa kile kiti kizito ili awe na cha kushika anaponyanyuka, na ukunjwe akimaliza. Kama hawezi tena kupanda bila kuvutwa, tengeneza benchi la urefu wake na meza ya kuchambulia yenye nafasi ya magoti. Anayeswali akiwa anapata shida kwenye kusujudu anaweza kuswali akiwa kitini, na kiti hiki hiki kinatosha.

Taa

Jicho la mzee haliitiki mwanga kama la kijana. Mboni hupungua upana, lenzi ya ndani huwa ya manjano, na kwa kawaida mtu wa miaka 60 hupata theluthi hivi ya mwanga anaoupata wa miaka 20 katika chumba kile kile. Kwa hiyo taa unayoiona wewe inatosha, yeye anaiona hafifu. Lakini kuongeza nguvu ya balbu peke yake ni nusu ya kazi, kwa sababu jicho hilo hilo huumizwa na mng'ao, hasa likiwa na mtoto wa jicho. Balbu tupu inayoning'inia juu ya marumaru zinazong'aa humpiga machoni mara mbili, kutoka juu na kutoka sakafuni. Zaidi ya hapo, sakafu inayoakisi taa huonekana imelowa. Utamwona anasita au anachechemea pembeni kukwepa maji ambayo hayapo.

Kwa chumba cha mita 3 kwa 3, balbu ya LED ya wati 9, yenye lumeni kama 800, ilimtosha binti. Kwa mama weka ya wati 12 au zaidi, ndani ya kifuniko cheupe kinachotawanya mwanga, na ongeza taa ya pembeni anapokaa kusoma au kushona. Kwenye boksi soma pia rangi ya mwanga. Karibu na kelvini 3000 ni mwanga wa njano tulivu, 4000 ni mweupe wa kawaida, 6500 ni ule mweupe wa kibuluu. Kwa mchana na jioni mimi napendelea 4000. Korido na bafu zipate balbu zenye nguvu inayokaribiana na ya chumbani, maana jicho la mzee huchelewa kuzoea anapotoka kwenye mwanga mkali kuingia kwenye giza, na hatua chache za mwanzo anazipiga kama kipofu.

Usiku hali inageuka. Taa kubwa ikiwashwa saa tisa humpofusha kwa muda na kumfukuzia usingizi. Kinachotakiwa ni mwanga hafifu wa njano, ulio chini, unaoonyesha sakafu. Funga taa ndogo za sensa zinazojiwasha mtu akipita, sentimita 30 hadi 40 kutoka sakafuni. Weka moja chini ya ukingo wa kitanda upande wa kulia, moja kwenye korido na moja mlangoni mwa choo, zote zikitazama chini. Ile ya kitandani iwake anaposhusha miguu, kabla hajasimama. Lala mwenyewe kitandani hapo uijaribu. Mara nyingi sensa imewekwa mahali ambapo inamwona mtu akishafika mlangoni.

Taa za kuchomeka kwenye soketi zina kasoro moja ya kwetu: soketi zetu zina swichi, na katika nyumba yenye watoto na chaja za simu kuna mtu ataizima au ataichomoa. Bandika utepe juu ya swichi, au tumia zile za betri ya kuchaji zinazonasa kwa sumaku. Nazo zipangiwe siku ya kuchajiwa, kwa mfano kila Jumamosi, na mjukuu mmoja akabidhiwe kazi hiyo kwa jina.

Kuna pia kukatika kwa umeme, na kuna LUKU kuisha usiku wa manane, jambo ambalo si la TANESCO bali ni la mwenye nyumba aliyesema atanunua kesho. Katika korido na bafu weka balbu za kuchaji, zile zenye betri ndani ambazo huendelea kuwaka umeme ukikatika. Kisha fanya jaribio. Saa mbili usiku zima meinswichi, subiri, tembea njia yote kutoka kitandani hadi chooni na kurudi. Balbu nyingi za aina hii hufanya kazi vizuri swichi ya ukutani ikiwa imewashwa tangu awali, na hukorofisha ikiwa ilikuwa imezimwa. Utajua ya kwako iko upande gani, na kama inakorofisha, taa za sensa za betri ndizo tegemeo lako.

Tochi aliyozoea Lushoto abaki nayo, lakini isiwe ndiyo mpango. Mkono mmoja una fimbo. Ukijaza wa pili tochi, hana wa kushika ukuta.

Sakafu

Kabla ya kutoa chochote, ikague sakafu kwa mwanga wa pembeni. Usiku, zima taa, laza tochi ya simu juu ya sakafu ikimulika kwa mlalo kuelekea mlangoni, kisha uchutame na utazame. Marumaru iliyoinuka upande, kona ya kapeti, msumari wa kizingiti, waya na mchanga, vyote vinatupa vivuli virefu. Mchana ukiwa umesimama huwezi kuviona, na mguu wa mzee, ambao hauinuki sana kutoka chini, unavikuta vyote.

Njia yake iwe wazi kwa upana wa sentimita 90. Hiyo inatosha fimbo leo, na chuma cha kutembelea kesho kama atakihitaji. Kinachoondoka kwanza ni vile vikapeti vidogo vya mlangoni na vya kando ya kitanda. Usijaribu kuvibandika kwa gundi au utepe, kona zitainuka tena baada ya kufagiliwa mara kadhaa. Ondoa kabisa. Meza ya kioo ya katikati ya sebule isogezwe ukutani: kioo hakionekani vizuri na jicho lenye mtoto wa jicho, na kimo chake ni cha ugoko. Waya za ekstensheni zipite pembeni ya ukuta, zibanwe kwa klipu. Viatu vya familia nzima mlangoni vipandishwe kwenye rafu. Midoli ipewe kapu, na sheria iwe moja ambayo watoto wanaweza kuikumbuka: korido ya bibi haina kitu chini.

Mavazi yake nayo ni sehemu ya sakafu. Kandambili zilizosagika soli huteleza, na hata zikiwa mpya humlazimisha kukunja vidole ili zisimtoke. Mtafutie viatu vya ndani vinavyofunika kisigino, vyenye soli nyembamba ya raba. Gauni na kanga viishie juu ya kifundo cha mguu. Kanga anayojifunga usiku anapoenda chooni ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu hufungwa haraka na upande mmoja huburuta. Na igeuze fimbo: kofia ya raba ya chini ikiwa imesagika hadi kuwa laini, nunua nyingine, ni kitu cha bei ndogo.

Kuhusu marumaru zenyewe, huwezi kuzing'oa katika nyumba ya kupanga, lakini unaweza kuacha kuziongezea utelezi. Sabuni ya unga isiyosuuzwa vizuri huacha utando unaoteleza kila unyevu unapogusa. Pigeni deki kwa sabuni kidogo, msuuze kwa maji safi, mkaushe, na kazi hiyo ifanyike wakati mama ameketi nje barazani, si wakati anazunguka. Kama sakafu yako ni ya saruji nyekundu, acha kuipaka nta.

Kile kishuko cha bafuni

Tumefika mahali pabaya kuliko pote. Kishuko cha sentimita 10, marumaru ya rangi ile ile juu na chini, maji yametuama. Kishuko kifupi ni kibaya kuliko ngazi ya kawaida kwa sababu jicho halikioni na mguu haukitarajii.

Wazo la kwanza la kila fundi ni kumwaga zege pawe na mteremko. Mteremko salama wa kutembelea unahitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda, kwa hiyo sentimita 10 zinataka mita 1 na sentimita 20. Bafu lote lina kina cha mita 1.8. Ukiufupisha unakuwa mtelezo wenye maji. Bora kishuko kibaki, lakini kionekane na kishikike. Ukingo wake upakwe rangi ya njano au nyeupe, yoyote inayopingana na marumaru, mstari wa sentimita 5, kwenye ukingo wenyewe. Mstari uwe mmoja tu, hapo tu. Ukipaka mistari sehemu nyingine kwa urembo, unamfundisha kutoiamini.

Kisha bomba la kushika, la kusimama wima, ndani ya mlango upande wa mkono wake wenye nguvu. Bomba la chuma la inchi 1 lina unene wa nje wa milimita 33 hivi, na kiganja kinalizunguka vizuri. Liachwe sentimita 4 hadi 5 kutoka ukutani: chini ya hapo vidole havipiti, zaidi ya hapo mkono unaweza kuchomoka katikati na kuvunjika. La pili liwe la mlalo, kando ya choo, sentimita 20 hadi 25 juu ya kikalio. Choo cha nyumba hii kina sentimita 41, pungufu kidogo ya zile 42 hadi 44. Kuna vikalio vya kuongezea urefu, lakini kwa tofauti ndogo namna hiyo bomba linatosha, na halilegei.

Ukuta ndio utakaokuangusha. Matofali mengi ya kuta za ndani yana uwazi katikati, na skrubu iliyoshika sentimita 2 za plasta na ganda la tofali itang'oka siku ya kwanza ya kuvutwa kweli. Fundi atoboe, ajaze zege, azamishe miguu ya bomba humo na kuiacha ikauke siku kadhaa. Kisha wewe mtu mzima uning'inie kwa uzito wako wote. Lisipopiga kelele ni lake. Bomba la taulo halihesabiki, liondoe kabisa, kwa sababu mtu anayeteleza hushika kilicho karibu. Kama mwenye nyumba amekataa kutobolewa, fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza fremu ya kusimama yenyewe inayokizunguka choo, yenye mikono pande mbili na kofia za raba miguuni.

Nyumba yenye choo cha kuchuchumaa ina jibu la fundi huyo huyo: kiti cha chuma chenye tundu kinachosimama juu ya choo, kwa urefu uliopima, kipana miguuni kuliko juu. Na kama choo kiko uani, usimpeleke uani usiku. Kiti chenye ndoo chenye mfuniko kikae chumbani kuanzia saa ya kulala hadi asubuhi. Mzee akilalamika kwamba ni aibu, wekeni pazia na mumwahidi nani atakayeitoa ndoo.

Kwa kuoga, kiti kizito chenye raba miguuni na mkeka wa raba wenye vinyonyeo chini. Ndoo ya maji iinuliwe juu ya stuli iliyo imara, ubavuni mwake, ili asiiname kuchota. Sabuni iwe kwenye mfuko wa wavu uliofungwa mkononi mwa kiti, isianguke na kumfanya aifuate.

Wiki ya pili

Mama akishahamia, ipe nyumba siku kumi hivi, kisha izungukie ukiwa na mwanga mzuri na utazame kuta. Mahali anaposhika kila siku patakuwa na alama za viganja kwenye rangi: pembeni mwa mlango wa chumba, kwenye kona ya korido, juu ya friji. Hapo ndipo anakoyumba. Kama alama ziko mahali ambapo hukuweka bomba, liweke hapo. Kama bomba ulilofunga halina hata doa, muulize kwa nini, pengine liko juu mno au upande usio wake.

Tazama na mambo mengine ambayo hatayasema. Ameanza kukataa chai ya jioni na maji baada ya saa kumi na moja? Huenda anaikwepa safari ya usiku, na taa au kishuko bado kinamtia hofu. Michubuko kwenye ugoko inaelekeza kwenye kitu cha kimo cha meza ya kahawa. Akiwa anamwita mtu amnyanyue kutoka kwenye kiti ambacho wiki iliyopita alinyanyuka mwenyewe, pima tena kikalio kwanza, sponji mpya hubonyea haraka katika wiki za mwanzo. Kikiwa bado 43, basi kilichobadilika ni mapaja yake au dawa zake, na safari inayofuata ni ya zahanati, si ya seremala.